Tarehe ya Kurudi Kwenye Hatari

Rejista ya hatari niliyoikuta nilipokabidhiwa mradi wa maji wa Kona Baridi ilikuwa jedwali safi, limeambatishwa nyuma ya pendekezo lililotumwa kwa mfadhili. Lilikuwa na uwezekano, athari na hatua za tahadhari, vyote vimepakwa nyekundu, manjano na kijani. Mfadhili aliliridhia, pendekezo likawekwa kwenye faili, na rejista ikalala humo humo. Hatari iliyotajwa juu kabisa ilikuwa ukame. Haikushangaza, maana iliandikwa wakati Kajiado ilikuwa imepitia misimu mitano ya mvua haba mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, na wafugaji wengi walikuwa wamepoteza mifugo. Ila sisi tulijiandaa kuchimba mwanzoni mwa 2024. Mvua za El Niño zilikuwa zimeshanyesha, na muda si mrefu, Aprili na Mei, mafuriko yakaingia Kitengela, mji ambako ofisi yetu ipo. Jedwali lilikuwa bado linasema ukame.

Mradi wenyewe haukuwa mkubwa. Kisima cha mashine, pampu ya sola, matangi na mabomba ya kufikisha maji kwenye shule ya msingi na kwa majirani zake. Kutoka Kitengela unapita Isinya, unashika barabara ya kwenda Kiserian, kisha unaingia barabara ya Magadi na kupanda mpaka Kona Baridi, pale ambapo bega la vilima vya Ngong linaachia na Bonde la Ufa linafunguka mbele yako. Upepo wa pale ndio uliopapa mahali jina. Chini ya miguu ni miamba ya volkeno, na kwenye miamba hiyo ndiko kulikokuwa na hatari ambayo jedwali lile liliipa mstari mmoja tu: "Ubora wa maji. Uwezekano: wastani. Mhusika: timu ya mradi."

Ofisini tulikuwa tunatumia Redmine kufuatilia kazi. Kila jambo lilikuwa na tiketi yake: kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ununuzi wa mabomba, malipo ya mkandarasi. Watu waliifungua asubuhi kabla ya chai. Sikuona maana ya kuweka hatari mahali pengine, kwenye faili ambalo hakuna mtu aliyelihitaji ili kufanya kazi ya siku. Kwa hiyo tuliongeza aina mpya ya tiketi tukaiita Hatari, kando ya zile za kawaida, na kila mstari wa jedwali uliostahili kuishi tukaupa tiketi yake.

Kuhamisha mistari kulitulazimisha kwanza kuiandika upya. "Ubora wa maji" si hatari, ni mada. Huwezi kuikadiria wala kujua imetokea lini. Tuliandika hivi: kwa sababu kisima kitapita kwenye miamba ya volkeno, huenda floraidi ikazidi miligramu 1.5 kwa lita, na shule isiweze kuwapa watoto maji hayo wanywe. Chanzo, tukio, matokeo. Kiwango hicho cha 1.5 ndicho kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na Kenya inakifuata. Sentensi ya namna hiyo inakuonyesha mara moja wa kuulizwa, kipimo cha kuchukua, na kitakachoharibika.

Uwezekano na athari tuliziweka kama orodha za 1 hadi 5, na kila namba tukaipa maelezo yake kwa maneno. Uwezekano wa 4 ulimaanisha kwamba tungeshangaa jambo lisipotokea. Athari ya 5 ilimaanisha kwamba mradi ungemalizika bila kutimiza kilichouleta. Bila maelezo hayo, 4 ya mhasibu na 4 ya fundi ni vitu viwili, na mkutano unaishia kubishania namba. Wengi huzidisha namba hizo mbili wapate alama moja. Redmine haizidishi yenyewe bila programu ya ziada, nami sikuitafuta. Lori kuchelewa, uwezekano 5 na athari 1, linapata alama sawa na sumu kwenye maji yenye uwezekano 1 na athari 5, na hayo si mambo ya kuwekwa kwenye mizani moja. Tulipanga orodha kwa athari kwanza, halafu uwezekano, na hiyo ilitosha.

Kazi iliyohitaji fikra ilikuwa tarehe ya kuiangalia hatari tena. Wazo la haraka ni kutengeneza uga mpya wa tarehe na kuuita "Mapitio yajayo". Unapendeza kwenye skrini, lakini hakuna mtu atakayekumbushwa, kwa sababu ukumbusho wa barua pepe wa Redmine husoma uga mmoja tu, `Due date`. Basi tukakubaliana kwamba kwenye tiketi za Hatari `Due date` ni siku ya kuiangalia tena, na `Assignee` ni mwenye hatari. Msimamizi wa mfumo akaweka amri hii ijiendeshe kila Jumatatu saa moja asubuhi:

```
0 7 * * 1 cd /opt/redmine && bundle exec rake redmine:send_reminders days=7 tracker=4 RAILS_ENV=production
```

Hapo 4 ni namba ya aina yetu ya Hatari. Kila mwenye hatari hupata barua inayomtajia zile ambazo siku yake iko ndani ya wiki moja, pamoja na zile ambazo siku yake imeshapita. Kwenye mipangilio ya `Workflow`, sehemu ya `Fields permissions`, tukafanya `Assignee` na `Due date` kuwa za lazima, ili hatari isiyo na mtu wala siku isiweze kuhifadhiwa kabisa.

Kuna mitego miwili hapa, na yote miwili hunyamazisha ukumbusho bila mtu kugundua. Wa kwanza ni kuzifanya hatua za tahadhari kuwa tiketi ndogo chini ya tiketi ya hatari. Kwa mipangilio ya kawaida, tiketi mama huchukua tarehe zake kutoka kwa watoto wake, na wewe huwezi tena kuiandikia yako. Siku ya mapitio inageuka kuwa siku ya kumaliza kazi ya mwisho, ambayo pengine ni miezi minne mbele. Dawa yake ni kuziunganisha kama tiketi zinazohusiana, si mama na mtoto. Mtego wa pili uko kwenye hali ya tiketi. Ukiunda hali ya "Imekubaliwa", yaani tumeamua kuishi na hatari hii, kisha ukaiwekea alama kwamba ni ya kufunga, tiketi inatoka kwenye orodha ya zilizo wazi na barua zinakoma. Ilhali hatari uliyokubali kuishi nayo ndiyo inayohitaji kuangaliwa zaidi, kwa vile hakuna kazi nyingine yoyote inayokurudisha kwake.

Hatari ya floraidi tuliipa uwezekano 3, athari 5. Mwenyewe hakuwa tena "timu ya mradi". Alikuwa mhandisi kijana, binti wa huko huko Kajiado, aliyesimamia uchimbaji. Nilipomwomba aichukue, hakukubali papo hapo. Alitaka kujua mamlaka yake yanaishia wapi.

"Kama ni yangu," aliniambia, "basi pampu isinunuliwe kabla sijasema."

Alikuwa na haki. Mwenye hatari ni yule anayeweza kufanya kitu juu yake, si yule atakayelaumiwa ikitokea. Nchi yetu ina mfano mkubwa wa tofauti hiyo. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, lakini laini ya umeme ya kilomita 428 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ilikuwa haijakamilika, na umeme haukufika kwenye gridi mpaka Septemba 2018. Hatari ya laini kuchelewa ilijulikana na kuandikwa kwenye mikataba. Iliwekwa upande wa serikali, na serikali ikadaiwa fidia. Kuandika nani atalipa ni jambo la lazima kwenye mkataba, lakini hakukusimamisha hata nguzo moja. Ndiyo sababu katika rejista yetu hatukuruhusu tiketi ya Hatari kupewa kikundi. Redmine inaweza kuruhusu hivyo ukitaka, na barua itawafikia wanakikundi wote, kila mmoja akidhani mwenzake ameisoma.

Kwa ahadi ya pampu tulitumia uhusiano wa tiketi unaoitwa `Blocks`. Tiketi ya hatari ilizuia tiketi ya ununuzi wa pampu: maadamu ya kwanza ilikuwa wazi, ya pili isingeweza kufungwa. Mfumo haumzuii mtu kuanza kazi wala kupiga simu kwa muuzaji, unazuia kufunga tu. Hata hivyo ulitosha, kwa sababu mhasibu wetu alikuwa na kawaida ya kutotoa pesa kwa tiketi yenye kizuizi.

Siku ya kwanza ya mapitio mhandisi aliiweka wiki mbili mbele. Hakuichagua kwa kalenda. Alikadiria muda ambao ungemtosha kuzungukia visima vya jirani na kuomba majibu yao ya maabara. Nikajifunza kwake kwamba siku ya mapitio inafaa kufuata siku ambayo utajua kitu ambacho leo hujui. Rejista ambayo hatari zake zote zinaangaliwa tarehe 30 ya mwisho wa robo mwaka inakuonyesha kwamba hakuna aliyejiuliza habari mpya itatoka wapi.

Nilifuatana naye safari mojawapo. Tulisimama kwenye duka la kando ya barabara ya Magadi, juu ya mteremko, na Koko mwenye duka akatuuliza tunatafuta nini. Tukamwambia tunataka kujua maji ya visima vya huku yakoje.

"Yale ya pale chini ni ya ng'ombe," alisema. "Njoo hapa," akamwita mjukuu wake, "waonyeshe meno."

Mtoto alifungua kinywa. Meno ya mbele, ya juu, yalikuwa na mistari ya kahawia iliyokata kutoka upande hadi upande, na kwenye jino moja ukingo ulikuwa umemeguka. Mhandisi aliinama akaangalia kwa makini, akamuuliza Koko kwa Kimaasai familia imekunywa maji ya kisima kipi na kwa miaka mingapi. Meno huharibika namna hiyo yakiwa bado yanaundwa ndani ya ufizi, hivyo mtoto wa miaka tisa anakuonyesha maji aliyokunywa alipokuwa mdogo sana. Kuyachemsha hakusaidii. Maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki, kwa hiyo yaliyobaki sufuriani yana floraidi zaidi kwa kila lita.

Jioni hiyo aliandika maelezo kwenye tiketi: alichoambiwa, alichoona, na mahali kisima kilipo. Majibu ya maabara ya visima viwili vya jirani yalipopatikana, kimoja kilikuwa na miligramu 1.9 kwa lita na kingine 2.6. Akapandisha uwezekano kutoka 3 hadi 4, na akaandika kwa nini. Redmine huhifadhi kila badiliko la aina hiyo pamoja na jina na saa. Kwenye jedwali la zamani namba mpya ilifuta ya zamani, na mtu asingejua kwamba hatari inakua.

Athari ilibaki 5 kwa muda, na hapo mjadala ulituelimisha. Mwenzetu mmoja alipendekeza tuchimbe kwenda chini zaidi ili kupunguza uwezekano. Mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi akatuambia hakuna ushahidi wowote kwamba kina kirefu kingetupa maji bora katika eneo lile. Mwamba ndio huo. Hakuna tulichoweza kufanya juu ya uwezekano. Tulichoweza kugusa ni athari: watoto wakiwa na maji mengine ya kunywa, floraidi kisimani inaacha kuwa sababu ya mradi kushindwa. Tangu siku ile, kwenye kila hatua ya tahadhari tuliandika inashusha namba ipi kati ya hizo mbili. Hatua ambayo mtu hawezi kusema inashusha ipi, kwa kawaida haishushi yoyote.

Siku nyingine ya mapitio ilikuwa mwisho wa majaribio ya kupampu, pale kisima kinapovutwa kwa kasi moja saa 24 na sampuli kuchukuliwa mwishoni, maji ya uchimbaji yakiwa yameshatoka yote. Hapo katikati mvua zikaingia. Hatari ya mtambo wa kuchimba kunasa kwenye udongo mweusi njiani, iliyokuwa na uwezekano 2, ilipanda hadi 5 katika mapitio moja, na mwenye nayo akaahirisha safari ya mtambo mpaka Juni. Sina zaidi ya kusema juu yake: iliangaliwa siku yake, uamuzi ukafanywa, basi. Huku nyuma muuzaji wa pampu alikuwa na bei ya punguzo inayokwisha mwisho wa Mei, na alitupigia simu mara kwa mara. Kizuizi kilibaki. Pampu haikununuliwa.

Majibu ya kisima chetu yalitoka Julai: miligramu 2.3 kwa lita. Hatari ilikuwa imetokea, na hatari iliyotokea haikai tena kwenye rejista. Mhandisi aliifunga kwa hali tuliyoiita "Imetokea", akafungua tiketi ya kawaida ya kubadilisha ramani ya mabomba, na kuziunganisha. Tulifikiria kichujio cha mkaa wa mifupa, ambacho Dayosisi Katoliki ya Nakuru imekitumia kwa miaka mingi kuondoa floraidi. Kinafanya kazi, lakini mkaa huchoka, na lazima awepo mtu wa kupima maji na kuubadilisha kwa wakati. Shule ile haikuwa na mtu huyo. Tukachagua njia mbili za maji: ya kisima kwa kufua, vyoo, bustani na mifugo ya majirani, na ya mvua kutoka mapaa ya madarasa kwa kunywa na kupikia. Kwa vile mitaro ilikuwa haijachimbwa, ilichimbwa mara moja tu, mabomba mawili yakalazwa pamoja. Pampu nayo ilinunuliwa kulingana na maji ambayo kisima kilithibitisha kutoa.

Uamuzi huo ulizaa hatari yake. Wanafunzi 350 wakitumia lita moja na nusu kila mmoja, shule inahitaji lita 525 kwa siku. Matangi manne ya lita 10,000 yakijaa mvua za Mei zinapoisha, yanatosha siku 76 za masomo, na kutoka hapo mpaka mvua za Oktoba au Novemba siku za masomo zinaweza kuzidi hizo. Tuliandika: kwa sababu kiangazi ni kirefu kuliko akiba, huenda matangi yakakauka muhula wa tatu, na watoto wakarudi kunywa maji ya kisima. Uwezekano 3, athari 4. Neno "kurudi" lilikuwa na uzito wake pale, kwa sababu bomba la kisima liko hatua chache kutoka la mvua na mtoto mwenye kiu hasomi kibao.

Siku hizi nikiitwa kuangalia rejista ya mradi mwingine, naenda moja kwa moja kwenye historia ya tiketi. Nikikuta tarehe imesogezwa mbele tena na tena, uwezekano na athari hazijaguswa na hakuna hata neno moja la maelezo, najua hakuna mtu aliyekwenda kuangalia chochote. Redmine haiwezi kumlazimisha mtu aandike maelezo anapobadilisha tarehe. Hilo ni jambo la makubaliano, na la kiongozi kusoma na kuuliza. Nikikuta hatari ambayo haijafungwa miaka nenda miaka rudi, hiyo hainisumbui. Kwenye mashamba ya upepo ya Kipeto, hapa hapa Kajiado, yaliyoanza kuuza umeme mwaka 2021 na mitambo yake 60, hatari ya tai kugongwa na mapanga haiwezi kufungwa maadamu mapanga yanazunguka. Wanaweka waangalizi wa ndege ili mtambo usimamishwe tai anapokaribia. Hatari ya namna hiyo hupitiwa kila siku yenye mwanga, na mwenye nayo ni mtu aliyesimama nje anatazama juu.

Tulipokabidhi mradi, suala lililokuwa gumu zaidi lilikuwa rejista yenyewe. Mwenye hatari ya matangi sasa ni Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu haingii Redmine wala hana haja ya kuingia. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee makini sana, alikataa tuwaachie karatasi tu.

"Karatasi zenu zinakaa kabatini, mwalimu akihama zinahama naye," alisema. "Kitabu cha kumbukumbu za mkutano hakihami."

Tulikubaliana naye. Zile hatari tatu zilizobaki wazi ziliandikwa kwenye kurasa za mwanzo za kitabu hicho, kila moja na mwenyewe, namba zake na siku ya kuangaliwa. Ya matangi iliwekwa wiki ya kwanza ya kila muhula, siku ya kamati kukutana: mtu anagonga tangi kwa fimbo kutoka juu kwenda chini mpaka sauti ibadilike, anapiga alama ya chaki hapo, na katibu anaandika kiasi kilichobaki. Chini ya nusu mwanzoni mwa muhula wa tatu, kamati inaagiza gari la maji kabla matangi hayajakauka. Gharama ya gari hilo imeshatengewa kifungu kwenye mchango wa wazazi, na mweka hazina ndiye anayeishikilia.